Amefungwa au Amejifunga? Mwanamke wa Mbili ya Panga

Kiswahili hakikuruhusu kuitazama karata hii bila kuchagua upande. Katika lugha nyingine unaweza kusema kwamba mwanamke huyu ana kitambaa machoni, ukaishia hapo. Kwetu kitenzi kinakudai zaidi. Amefungwa kitambaa, au amejifunga? Silabi moja, *-ji-*, inatenganisha mateka na mtu aliyeamua kutotazama, na kila ninapojaribu kuieleza picha hii kwa sauti najikuta nimeshatoa hukumu kabla sentensi haijaisha.

Nieleze kwanza kilichopo. Mwanamke mwenye nywele nyeusi ameketi juu ya kiti cha jiwe kisicho na mgongo. Amevaa kanzu ndefu ya rangi ya kijivujivu na kitambaa cheupe kimefunika macho yake. Mikono yake imepishana kifuani, na kila mkono umeshika upanga mrefu unaoegemea begani na kupanda kwenda pembe ya juu ya picha, mmoja kulia, mwingine kushoto. Panga zenyewe hazigusani, kinachopishana ni mikono. Nyuma yake kuna maji, miamba michache iliyochomoza, na mwezi mwandamo juu angani. Ni hayo tu. Hakuna adui wala mlinzi, na hakuna mtu wa tatu.

Hii ni Mbili ya Panga katika taroti iliyochapishwa London na kampuni ya William Rider and Son mwezi Desemba 1909. Maelezo yake yaliandikwa na Arthur Edward Waite, na karata zote 78 zilichorwa na Pamela Colman Smith, msanii aliyezaliwa London mwaka 1878 na kuishi sehemu ya utoto wake Jamaika. Alimwandikia mpiga picha Alfred Stieglitz kulalamika kwamba ilikuwa kazi kubwa iliyolipwa pesa kidogo. Leo ndiyo taroti inayojulikana zaidi duniani, na mtu anayekaa njia panda akaivuta karata hii huambiwa karibu neno lile lile kila mahali: umekwama, una machaguo mawili, huoni vizuri, fungua macho uamue.

Msomaji asiyependa mambo ya ramli asiondoke bado. Mimi sipigi ramli, na siamini kwamba kipande cha karatasi kinajua yatakayonipata mwezi ujao. Ninaisoma karata kama ninavyosoma picha yoyote, kwa kuangalia kilichochorwa na kuuliza kinafanya nini. Hata hivyo hatuko mbali sana na jambo hili kama tunavyodhani. Wazee wanaocheza karata barazani huziita aina zake nne kopa, uru, pau na shupaza. Ni maneno tuliyoyapata kwa Wareno, na kwa Wareno maana yake ni vikombe, dhahabu, marungu na panga, yaani aina nne zilezile za taroti. Kwa hiyo mchezaji anayeitupa mbili ya shupaza mezani anaitupa karata ninayoizungumzia, isipokuwa yake haina mwanamke.

Na kwa muda mrefu sana hata ya taroti haikuwa naye. Katika karata za zamani za Ufaransa, zile zinazojulikana kwa jina la mji wa Marseille, Mbili ya Panga ni panga mbili tu zilizopinda na kutengeneza umbo kama yai, na ndani yake ua. Ni picha tulivu, na mtabiri Etteilla wa Paris, mwishoni mwa karne ya 18, aliisoma kuwa urafiki. Mwaka 1888 ilianzishwa London jumuiya ya siri iliyoitwa Alfajiri ya Dhahabu, na humo karata hii ikapewa jina la amani iliyorejeshwa, ikafungamanishwa na mwezi ukiwa katika nyota ya Mizani. Waite na Smith wote wawili walikuwa wanachama wa jumuiya hiyo, na Smith aliingia mwaka 1901. Kwa hiyo alipokaa kuchora alikuwa amekabidhiwa urafiki na amani, na akatuchorea mwanamke asiyeona, mwenye vyuma viwili vikali mabegani.

Waite katika kitabu chake anamtaja mwanamke huyo kwa sentensi moja fupi na kurudia maana za zamani: mlingano, urafiki, ujasiri, mapenzi, maelewano kati ya watu walioshika silaha. Hataji bahari wala mwezi. Hasemi lolote juu ya mtu aliyeshindwa kuchagua. Usomaji wa mkwamo, ambao leo unaonekana kama ndiyo maana ya asili, umetoka kwenye picha. Wasomaji wa baadaye waliitazama kazi ya mchoraji wakaiamini kuliko maneno ya mwandishi, na nadhani walikuwa sahihi. Lakini waliitazama haraka.

Chukua ile nasaha ya kawaida, kwamba aondoe kitambaa ili ayaone machaguo yake. Machaguo yako wapi? Yako mikononi mwake. Ameyashika. Anajua urefu wake na uzito wake kuliko sisi tunaoyatazama. Upanga wa kawaida wa mkono mmoja wa enzi za kati ulikuwa na uzito wa kilo moja na kidogo, na mtu aliyeubeba begani usiku kucha hahitaji macho kujua kwamba upo. Kama ni bahari na mwezi ndivyo tunavyodhani anakosa kuviona, viko mgongoni pake. Hata ukimvua kitambaa sasa hivi hataviona mpaka ainuke na kugeuka. Kitu kimoja tu kipo mbele ya uso wake, nacho ni sisi. Kitambaa kinamkinga na anayemtazama, yaani yule aliyekuja na swali.

Kinafanya kazi upande wa pili pia, na hapa ndipo ninapotaka kukaa. Tunasema macho hayana pazia. Kwa kawaida tunamaanisha kwamba jicho huona kila kilicho mbele yake, hakuna wa kulizuia. Lakini jicho lisilo na pazia pia husomeka. Mtoto aliyekatazwa asichukue andazi hulitazama andazi. Mnunuzi anayejifanya hajali bei ya kanga hushindwa na macho yake, na muuzaji mzoefu haangalii kitu kingine. Mweke mtu kati ya vitu viwili kisha umwangalie machoni, utajua kipi anakitaka kabla hajakijua mwenyewe. Smith amelipa jicho pazia. Hatuwezi kuona mwanamke huyu anaelekea upande upi. Panga zake zinaonekana sawa kwetu kwa sababu kile ambacho kingetuonyesha kwamba si sawa kimefunikwa.

Ndiyo maana sikubali kwamba kitambaa ni alama ya kutojua. Ninakisoma kama alama ya kutotaka kujulikana. Na mkwamo, katika watu wengi niliowaona wamekwama, si kukosa uamuzi. Ni uamuzi uliokwisha kufanyika na bado unafichwa, mara nyingine hata kwa mwenyewe.

Neno lenyewe alilotumia Waite kwa kitambaa hiki linasaidia. Ni neno la Kiingereza lenye maana mbili, kufunikwa macho na kuhadaiwa. Ni neno pia la kazi, kwa maana ya kazi za jumuiya za siri. Katika ibada ya kumwingiza mwanachama mpya, ndani ya Alfajiri ya Dhahabu na kwa Wamasoni kabla yao, mgeni hufunikwa macho akaongozwa na mkono wa mwingine hadi wakati wa kufunuliwa. Waite na Smith walipitia hatua hiyo kwa miili yao. Kwao mtu aliyefunikwa macho yuko safarini. Amekubali giza la muda, kuna aliyemfunga, na kuna atakayemfungua kwa wakati wake. Ukiliweka jambo hilo kando ya picha unaona upungufu mara moja: mfunguaji hayupo. Mwanamke ameketi kama mtu anayengoja ibada iendelee, na ukumbi ni mtupu.

Smith aliujua ukumbi. Alikuwa amefanya kazi na watu wa tamthilia wa Lyceum, kundi la Henry Irving na Ellen Terry, na alitengeneza majukwaa madogo ya kuchezea. Karata zake kadhaa zimechorwa kama jukwaa, sakafu tambarare mbele, mstari ulionyooka, kisha mandhari nyuma kama pazia lililopakwa rangi. Hii ni mojawapo. Ukishaliona hilo, mkao wa mwanamke unabadilika. Mikono ile iliyopishana kwa ulinganifu mkamilifu si mkao wa mtu aliye peke yake gizani akifikiri. Ni mkao wa mtu anayejua kwamba anatazamwa.

Mtu ataniuliza, je, si yule mwanamke wa Haki, mwenye mizani na kitambaa machoni, asiyependelea? Mizani ipo, kwa njia ya ile nyota. Lakini Haki ya taroti hii ina karata yake, ya 11, na macho yake yako wazi. Sanamu ya Haki iliyowekwa juu ya mahakama ya Old Bailey, London, miaka michache kabla ya karata hizi kuchapishwa, nayo haina kitambaa. Na moja kati ya picha za mwanzo kabisa za Haki aliyefungwa macho, ile iliyochapishwa Basel mwaka 1494 ndani ya kitabu cha Sebastian Brant, inamwonyesha mpumbavu akimfunga kitambaa kwa nyuma. Ilikuwa dhihaka. Kwa hiyo kutoona hakukuanza kama sifa ya hakimu.

Sasa mikono. Weka karata hii kando ya Nane ya Panga, ambapo kuna mwanamke mwingine aliyefunikwa macho, amezungukwa na panga zilizochomekwa ardhini. Yule amefungwa kamba mwilini. Kitenzi chake hakina shaka, ni *amefungwa*. Mwanamke wa Mbili hana kamba popote, na kama ana kitambaa machoni ni kwa sababu bado hajakiondoa. Lakini hawezi kukiondoa vivi hivi, kwa kuwa mikono yote miwili ina kazi. Ili apate mkono wa kufungua fundo, lazima kwanza aweke upanga mmoja chini. Huu ndio mpangilio wa vitendo ambao nasaha ya kawaida inaugeuza kichwa chini miguu juu. Tunamwambia aone, kisha achague. Picha inasema hataona kabla hajaacha kitu.

Nilijaribu mkao huu nyumbani kwa mipini miwili ya fagio. Mambo mawili hujitokeza. La kwanza ni kwamba huwezi kumpiga mtu ukiwa umekaa hivyo. Silaha zimeinuliwa, zinatisha kwa mbali, lakini aliye mbele yako yuko salama mpaka upishanue mikono. La pili ni kwamba mikono ikipishana, mmoja lazima uwe juu ya mwingine. Hakuna njia ya kuipishanisha kwa usawa. Mkono wa juu unaweza kuondoka wakati wowote, wa chini lazima ungoje. Na baada ya dakika chache bega moja huanza kuwaka kabla ya jingine. Ulinganifu ni wa kutazama tu, mwenye mwili anajua.

Niieleze hali moja ninayoijua vizuri. Mwenyewe ameniruhusu, na nimebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike. Rafiki yangu, anayeishi Dar es Salaam, ni wa kati katika watoto watatu. Baba yao aliacha nyumba Tanga. Kaka mkubwa alitaka iuzwe na kila mmoja apate fungu lake. Mdogo alikuwa anaishi humo na mke na watoto, alitaka ikarabatiwe. Mbele ya wazee walikubaliana kwamba hakuna kitakachofanyika bila saini zote tatu. Kaka mkubwa akasaini karatasi ya kuuza, mdogo akakataa, na wote wawili wakageukia kwa dada. Hiyo ilikuwa miezi kumi na minne kabla ya jioni ninayoizungumzia. Kwa miezi yote hiyo hakusema ndiyo wala hapana. Bahasha ya mthamini aliyoletewa na mkubwa ilikaa kwenye droo bila kufunguliwa. Picha za paa linalovuja alizotumiwa na mdogo hakuzifungua kwenye simu.

Alikuwa na taroti aliyoletewa zawadi, na tayari kuna mtu alikwisha kumsomea. Ilitoka Mbili ya Panga. Huyo msomaji alimwambia yale yale: dada, unakosa taarifa, fungua ile bahasha. Akaifungua. Akasoma bei ya nyumba, akaitazama picha baada ya picha ya dari lenye madoa. Wiki tatu zikapita na hakuna lililobadilika. Nilipomkuta alikuwa amechanganyikiwa zaidi, maana sasa hakuwa tena na kisingizio cha kutojua.

Hiki ni kipimo kizuri cha usomaji wa karata hii. Kama tatizo ni taarifa, taarifa itausogeza mkwamo, hata kidogo. Wapo watu wa namna hiyo, na kwao nasaha ya kawaida inatosha: anangoja matokeo ya kipimo, anangoja barua, na barua ikija anaamka. Lakini mtu akipewa alichodai anakikosa, akabaki pale pale, basi kitambaa kilikuwa na kazi nyingine. Ndipo ninaporudi kwa maana ya zamani ambayo Waite aliirithi na wengi huiruka kwa kuona haiendani na picha, ile ya maelewano kati ya watu walioshika silaha. Nikamuuliza rafiki yangu kulikuwa na amani gani ndani ya miezi hiyo kumi na minne.

Akafikiri. Akasema kaka zake hawakuwa wanazungumza. Ila kila Ijumaa mkubwa humpigia simu yeye, na jioni mdogo humpigia, na kila mmoja huuliza habari za mwenzake. Salamu zilipita kwake. Kaka mkubwa alimtumia mtoto wa mdogo pesa za sare ya shule kupitia kwake. Alipoyaeleza haya aliyaeleza kama mzigo, lakini yalikuwa ni familia nzima, ikiwa imeegemea mabega ya mtu mmoja. Akisaini upande wowote, simu moja ya Ijumaa ingekufa. Kwa hiyo kile kilichoonekana kama udhaifu wa kuamua kilikuwa kazi, tena kazi ya kila wiki, na aliifanya vizuri.

Hapo nikamwuliza swali ambalo nililipata kwenye mipini ya fagio: mkono upi umechoka? Sikumuuliza anataka nini, maana hilo alikuwa ameulizwa na kila mtu na alikuwa na jibu lake la kudumu, kwamba anawataka wote wawili. Uchovu ni rahisi kuujibu kwa sababu hauonekani kama kupendelea. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema amechoka na paa.

Paa? Ikatoka kidogo kidogo. Tangu mvua za masika za mwaka uliotangulia alikuwa akimtumia mdogo wake pesa za mabati na fundi. Si nyingi kwa mara moja, lakini karibu kila mwezi. Kaka mkubwa hakujua. Aliamini dada yao hana upande, na ndiyo sababu alikuwa mvumilivu. Nyumba ambayo hatima yake ilikuwa haijaamuliwa ilikuwa inakarabatiwa na yule asiyeamua.

Ndiyo maana nasema mkono mmoja daima uko juu. Rafiki yangu alikuwa amechagua kabla hata ya ile bahasha kufika. Alichoshindwa ni kuonekana amechagua. Bahasha isiyofunguliwa na picha zisizotazamwa hazikuwa zinamkinga na ukweli, maana ukweli aliujua kwa uzito wake, kila mwisho wa mwezi alipotuma pesa kwa simu. Zilikuwa zinakinga uso wake. Mtu asiyesoma nyaraka hawezi kutuhumiwa kwamba amezisoma kwa upendeleo. Na hata alipozifungua hakumwambia kaka yeyote kwamba amezifungua. Kitambaa kilibaki mahali pake.

Hapa mithali yetu ya njia mbili na fisi haifai, ingawa ndiyo ya kwanza kuja mdomoni. Fisi alianguka kwa tamaa, aliifuata harufu ya nyama pande zote mbili. Mwanamke wa karata hana tamaa ya panga zote mbili. Anazishika zote ili zisiende kwa watu wengine. Ukimwita mwoga au mroho humsogezi hata hatua moja, kwa sababu ndani ya nafsi yake anajiona mlinzi, na kwa kiasi fulani ni kweli. Msomaji wa karata asiyeiona amani aliyoishikilia mtu atamwambia aitupe bila kujua ni ya nani.

Nilimwonyesha tu mpangilio wa vitendo. Nilimwambia kwamba kwenye picha hii hakuna kitu cha kwanza kinachowezekana isipokuwa kushusha upanga mmoja, na kwamba kushusha si kukata. Kusaini kungekuwa kukata, na hakuna aliyemlazimisha kusaini wiki ile. Lakini pesa za paa zilikuwa upanga aliokuwa ameubeba peke yake, na angeweza kuuweka chini bila karatasi yoyote, kwa kuacha kutuma, au kwa kuendelea kutuma huku mkubwa akijua. Yote mawili yangempa mkono mmoja huru.

Alichagua la pili, na alilifanya kwa simu ya Ijumaa. Anasema alianza na salamu ndefu kama kawaida, kisha akataja kiasi na miezi. Upande wa pili ukawa kimya mpaka akadhani simu imekatika.

Karata za taroti zina maana nyingine zikitoka kichwa chini, na kwa Mbili ya Panga Waite anaorodhesha uongo, hila, undumakuwili, usaliti. Nilipoanza kuisoma orodha ile niliona haihusiani na urafiki wala mlingano wa upande wa juu, kama maneno ya karata nyingine yaliyopotea njia. Sasa naiona kama orodha ya majina ambayo mwanamke yule anayaogopa. Geuza picha uone: kiti kiko juu, panga zinaning'inia kuelekea chini, mwezi uko chini, na kitambaa bado kimefungwa. Hakuna kilichoongezwa. Ni mlingano ule ule ukitazamwa na mtu aliyegundua kwamba haukuwa sawa.

Kaka mkubwa alitumia neno moja kati ya hayo. Nyumba haijauzwa mpaka ninapoandika, na saini ya tatu haijawekwa. Ijumaa iliyofuata hakupiga. Mdogo wao, aliposikia, ndiye aliyempigia kaka yake, kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya mwaka, na walichozungumza rafiki yangu hakijui, kwa sababu safari hii hakikupitia kwake.